Nukta Nyekundu za Karani

Mtaani walimwita Mama Tepu, na hakuna aliyekumbuka nani alianza. Tepu ya kupimia ilikuwa shingoni mwake kuanzia asubuhi mpaka anapoingia kitandani, na wapo walioapa kwamba hata kitandani haivui. Alikuwa mkata vitambaa katika karakana ya sare za shule: meza moja ndefu, mkasi mmoja mzito, na mafundi wanane wa cherehani wakisubiri vipande kutoka mkononi mwake. Jora la mita arobaini na tano likiingia, yeye alijua sketi ngapi zitatoka na kitabaki kipande gani cha kushonea mifuko. Zikipungua sketi mbili, hakuuliza kama kuna mtu amechukua kitambaa. Aliuliza ni nani.

"Kitambaa hakina miguu," alizoea kusema. "Kama hakipo mezani, kipo kwa mtu."

Kwa macho hayo hayo alimtazama kila mtu. Muuza mkaa alipimiwa gunia upya mbele ya wateja. Fundi bomba alihesabiwa viungio kabla ya kuingia na baada ya kutoka. Wasiwasi ndiyo akili, walisema wazee, na Mama Tepu alikuwa na akili nyingi kupita kiasi. Mtu mmoja tu hakuwahi kupimwa kwa miaka kumi na tisa, naye ni mumewe.

Mume huyo aliitwa Karani, kwa sababu ndiyo kazi yake: karani wa ofisi ya kampuni ya usafirishaji mizigo, tai shingoni, kalamu mbili mfukoni. Nyumba yao ilikuwa kando ya barabara kuu, jirani na nguzo ya kilometa ya thelathini na nne, maana serikali ilikuwa imesimika nguzo moja kila kilometa kuhesabu kutoka katikati ya mji. Ofisi ya Karani ilikuwa kwenye nguzo ya kumi na tatu. Kilometa ishirini na moja kwenda, ishirini na moja kurudi. Jumamosi na Jumapili gari lilipumzika chini ya turubai kama mgonjwa.

Gari lenyewe lilikuwa dogo, kuukuu, la rangi ambayo zamani ilikuwa ya bluu. Namba zake za kilometa zilikuwa zimeganda tangu miaka saba nyuma, hazisogei hata ulipeleke mwezini. Basi Karani, kwa kuwa karani haachi kuandika hata akiwa usingizini, alikuwa na desturi yake: kila siku aliyojaza tangi aliweka nukta nyekundu kwenye kalenda ya jikoni. Nukta zilimwambia lini taa ya mafuta itawaka tena. Mafuta alinunua kwa mshahara wake. Chakula na ada vilikuwa juu ya mkewe. Kwa hiyo Mama Tepu hakuwa na haja ya kuzitazama nukta zile, na hakuzitazama, mpaka siku alipokuwa akisubiri chai ichemke.

Alizihesabu kwa mazoea tu, kama anavyohesabu vifungo. Kati ya nukta na nukta, siku nane za kazi. Akarudi nyuma mwezi mmoja: nane. Miezi mitatu nyuma zikawa kumi. Akashusha kalenda ya mwaka uliopita kutoka juu ya kabati, iliyokuwa imefunika mtungi. Kumi, kumi, kumi, mwaka mzima.

Chai ilimwagika jikoni, naye hakuzima jiko.

Hakumuuliza mumewe. Mama Tepu hakuwahi kumuuliza mwizi kabla ya kupima. Alikwenda kwa mdogo wake, fundi wa magari, aliyekuwa amelala chini ya lori huku miguu ikichungulia nje.

"Gari lile linakula mafuta kiasi gani?" alimuuliza.

"Inategemea, dada."

"Sitaki inategemea. Nataka namba."

Ndugu yake akatoka chini ya lori, akamtazama, akajua kuna jambo. "Namba ya kitabuni haina maana, imeandikwa gari likiwa jipya. Njia ni moja. Unajaza mpaka bomba la pampu likate lenyewe. Unatembea umbali unaoujua. Unarudi pampu ile ile, unajaza tena mpaka likate. Zile lita zilizoingia ndizo gari lilizokunywa. Na uende njia yake, saa zake. Ukipima barabara tupu utadanganyika. Kwenye foleni gari linakunywa hata likiwa limesimama."

Mungu naye hakumnyima. Wiki ile Karani akashikwa na homa, akalala siku nne. Asubuhi ya pili yule mdogo wake fundi akaja kulichukua gari "nisikilize injini inavyolia, shemeji." Alijaza mpaka bomba likakata, akaenda mpaka nguzo ya kumi na tatu na kurudi, saa zile zile za Karani, asubuhi na jioni. Kesho yake vile vile. Kilometa themanini na nne. Akarudi kwenye pampu: lita saba nukta tano sita.

"Tisa," akamwambia dada yake. "Lita tisa kwa kilometa mia. Kwa gari la umri huu si mbaya."

Karani aliposikia tangi limejaa alishukuru kutoka kitandani. "Shemeji yangu ana moyo," alisema, na mkewe akageukia ukutani.

Usiku wa pili yake, wala haukuwa usiku mkubwa, vyombo vya chakula vilikuwa bado mezani, alichukua chaki ya kuchorea vitambaa na kipande cha karatasi ya kuchorea ruwaza za sketi. Lita moja iliuzwa elfu tatu. Lita tisa ni elfu ishirini na saba, na hizo zinakupeleka kilometa mia. Kwa hiyo kilometa moja ni mia mbili na sabini. Hapo akasimama kidogo, akaipenda hesabu yake. Ilikuwa safi kama mkunjo wa sketi.

Kisha akafungua kitabu cha gari. Tangi: lita arobaini na tano. Jora la mita arobaini na tano analijua. Lita arobaini na tano, tisa kwa kila mia, ni kilometa mia tano. Mia tano ukigawa kwa arobaini na mbili za kila siku, ni siku kumi na mbili kasoro kidogo.

Siku kumi na mbili, na mumewe alijaza kila siku ya nane. Siku nane ni kilometa mia tatu thelathini na sita. Zilizobaki, mia moja sitini na nne, zilikwenda wapi? Akazizidisha kwa mia mbili na sabini: elfu arobaini na nne, mia mbili na themanini kila tangi. Lakini fedha haikumuuma. Kilichomuuma ni zile nukta za mwaka jana. Siku kumi nazo zilikuwa pungufu. Hata zamani zile kulikuwa na kilometa themanini kila tangi zisizo na mwenyewe. Basi hakuanza juzi, alijiambia. Ameanza zamani, na sasa ameongeza.

Alilala kando ya mtu aliyedhani hamjui. Akamsikiliza anavyopumua. Alimchukia kwa kupumua vizuri namna ile.

Kuanzia hapo kila kitu kikawa ushahidi. Karani alirudi amechoka zaidi kuliko mwanzo: ana mwingine. Alioga mara tu anapofika, kabla hata ya salamu kukolea: anaosha harufu. Mikono yake, iliyokuwa laini kama ya mtoto wa mfalme, ilianza kuwa migumu, naye alipoulizwa alisema ni sabuni. Asubuhi mkewe alipiga pasi shati lake na kulikabidhi kama anayekabidhi kisu.

"Kuna jambo, Fundi?" Karani aliuliza siku moja. Nyumbani alimwita hivyo, Fundi.

"Jambo gani?" alijibu. "Nenda, utachelewa huko uendako."

Kwa ndugu yake alikuwa wazi zaidi. "Ijumaa nahamia karakana," alimwambia. "Kuna chumba nyuma cha majora. Nimeshasafisha."

"Dada, kwanza muulize."

"Za mwizi ni arobaini. Mimi nimehesabu, zimefika."

Lakini kabla ya Ijumaa alitaka kumjua huyo mwanamke. Ndiyo sababu Alhamisi mchana aliiacha meza yake, kitu ambacho mafundi wanane walikizungumza wiki nzima, akaenda kituo cha mafuta anachojazia mumewe. Pale alimkuta dada mmoja wa kofia nyekundu, mjazaji, mwenye mdomo mwepesi na macho ya kuona.

"Namtafuta mtu mwenye kigari cha bluu iliyochujuka," alisema Mama Tepu. "Huja na nani?"

"Karani? Huja na tai yake, mama. Hajawahi kuja na mtu."

"Hajawahi?"

"Miaka yote niko hapa. Taa ya mafuta ikishawaka tu, huyo. Ananisalimia, ananiambia jaza mpaka ikate. Juzi juzi zimeingia thelathini na saba nukta nne. Ndiyo zake hizo, thelathini na saba, thelathini na nane, haendi mbali na hapo."

Mama Tepu aliguna. "Tangi la arobaini na tano, lijae kwa thelathini na saba? Zile nyingine nani anakunywa?"

Mjazaji akacheka, si kwa dharau, bali kama mtu anayemwelekeza mgeni mlango. "Zimo ndani, mama. Taa ikiwaka haina maana tangi ni tupu. Zimebaki kama saba, nane hivi. Ni akiba. Hakuna mtu anayekausha tangi mpaka mwisho, atavuta uchafu, ataua na pampu. Wewe ulidhani wanazimaliza zote?"

Alidhani. Jora unalikata mpaka inchi ya mwisho; nani anaacha mita saba chini ya meza na kuagiza jingine? Alisimama pale, magari yakimpigia honi apishe, akaivuta tepu shingoni kwa mikono miwili. Kisha akaomba kalamu.

Alihesabu juu ya boneti la taksi ya watu. Siku kumi za zamani, kilometa mia nne na ishirini. Kwa lita tisa kila mia, ni lita thelathini na saba nukta nane. Ndizo alizokuwa akijaza. Hakukuwa na kilometa hata moja iliyopotea. Mwaka jana, juzi, miaka yote ile, Karani alikwenda kazini na kurudi nyumbani, kazini na nyumbani, wima kama uzi wa timazi. Machozi yalimtoka hapo hapo, na dereva wa taksi akadhani ni mafuta yamempandia bei.

Lakini mkata vitambaa haachi kipande mezani. Akahesabu na miezi hii mitatu. Lita thelathini na saba nukta nne ni kilometa mia nne kumi na tano na ushee. Siku nane za ofisini ni mia tatu thelathini na sita. Zilibaki themanini kasoro chembe. Zile mia na sitini na nne zilikuwa uongo wake mwenyewe; hizi themanini zilikuwa za mumewe. Kapungua mwizi, ila hajaisha.

Themanini kwa siku nane, kumi kila siku. Hapo ndipo alipoanza kufikiri vizuri kwa mara ya kwanza. Angekuwa anamfuata mtu mara moja kwa wiki, nukta zingerukaruka, mara saba mara tisa. Hazikuruka. Mwezi wa sikukuu mbili, nukta zilisubiri sikukuu zipite, zikakaa kwenye siku ya nane ya kazi kama askari. Mwanamke gani huyu anayefuatwa kila siku ya kazi bila kukosa, na sikukuu anapewa likizo? Kumi kwa siku ni tano kwenda na tano kurudi. Na mtu aendaye mjini akizidisha tano baada ya nguzo ya kumi na tatu, atasimama kwenye ya nane.

Akampigia simu ndugu yake. "Nguzo ya nane kuna nini?"

"Nguzo ya nane? Maghala tu, dada. Hata la kampuni ya shemeji lipo pale."

Hakuaga. Alipanda basi.

Ghala lilikuwa jumba la mabati lenye milango mipana, malori yameligeuzia kisogo. Kigari cha bluu kilikuwa kivulini kando ya ukuta. Kwenye kiti cha nyuma shati alilolipiga pasi asubuhi limetandikwa kwa uangalifu, tai juu yake, kalamu mbili mfukoni. Aliliangalia muda mrefu kupitia kioo.

Kisha akamwona. Alikuwa ndani, amevaa ovaroli ya kijivu iliyompwaya mabegani, akisukuma toroli la magunia na kijana mmoja aliyemwita "mzee." Walipofika kwenye lori wote wawili waliinama, wakainua. Gunia moja, la pili, la tatu. Baada ya la tano Karani alishika kiuno, akatabasamu ili kijana asione, akainama tena. Alikuwa na miaka hamsini na mbili.

Mama Tepu alitamani angemkuta na mwanamke. Huyo angejua la kumfanya, angempiga.

Karani aligeuka akamwona mlangoni. Aliliweka gunia chini polepole, akafuta mikono kwenye ovaroli, akaja. Hakuna aliyepaza sauti.

"Tangu lini?" mkewe aliuliza, ingawa alijua.

"Miezi mitatu. Walileta kompyuta, makarani watano wakawa wawili. Wakasema ghala au barua ya kufukuzwa. Mshahara hawakuugusa." Akatazama viatu vyake. "Umejuaje?"

"Mafuta. Nukta zako zimetoka kumi zikawa nane."

Karani aliifuatilia hesabu hiyo kichwani, na kwa kuwa alikuwa karani kweli, aliifikia. "Umepima lita kwa kilometa."

"Tisa kwa mia."

"Ndiyo maana shemeji alinijazia tangi." Alitikisa kichwa, si kwa hasira, ilikuwa mbaya kuliko hasira. "Umemuuliza ndugu yako. Umemuuliza na wa pampu?"

"Leo."

"Na mimi nilikuwa kitanda kimoja na wewe."

Mama Tepu alitafuta neno la kumrudishia, kwamba aliyedanganya ni yeye, kwamba asubuhi zote hizo amevaa tai ya kwenda kuvulia ndani ya gari. Ilikuwa kweli. Lakini lilipofika mdomoni likageuka swali.

"Kwa nini hukuniambia?"

Karani aliangalia upande wa malori. "Meneja aliponiita sikumwogopa," alisema. "Nilikuogopa wewe. Nilijua ungehesabu. Huyu alikuwa na meza, sasa hana. Alikuwa na watu wanne chini yake, hana. Ungeniweka mezani ukanitazama, kimepungua wapi hiki. Nikasema bora nibebe magunia."

Mama Tepu alisimama katika vumbi la mahindi. Alikuwa amejiandaa kwa mwanamke wa kila umbo, hata alishafikiri mavazi yake. Kwa hili hakujiandaa. Watu wote waliopita mbele yake maisha yake yote, muuza mkaa, fundi bomba, mafundi wanane, aliwaona wakinywea anapokaribia na akafurahi, akadhani ni kwa sababu wana hatia. Hakuwahi kufikiri kwamba mumewe alikuwa mmoja wao.

Alimsubiri mpaka saa kumi na moja, ameketi juu ya mzani uliokuwa hautumiki, kijana yule akamletea maji bila kuambiwa. Karani alipotoka alianza kuvaa shati na tai kwa mazoea, mkewe akamshika mkono.

"Nani wa kumdanganya sasa?" alisema. Karani akaingia garini na ovaroli yake.

Walipita nguzo tatu, nne. Mama Tepu alijua kilometa moja ni mia mbili na sabini, alijua siku ya kilometa hamsini na mbili ni elfu kumi na nne na arobaini, alijua tangi limebakiwa na siku ngapi. Alikuwa na majibu mengi na hakuna lililokuwa na kazi. Alijaribu kutafuta kitu kimoja asichokijua, na hakikumchukua muda.

"Kiuno kinauma?" aliuliza.

Karani alifikiri, kama mtu aliyeulizwa kwa lugha aliyoisahau. "Kinauma," alisema. "Tangu wiki ya kwanza kinauma sana."